Dola moja ya papa wa Katuba: kwa nini soko la pari linakukata siku ambayo "hukupata kitu"

Jumatatu asubuhi, kabla hata hatujawasha mashine ya fotokopi, papa mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliingia na karatasi ya konti yake ameikunja mara nne. "Munanikula feza," akasema. Nikamwambia, papa, kaa kwanza, sisi hatugusi feza ya mtu. Akaikunjua karatasi mezani. Jumamosi alikuwa na dola 100 kwenye konti, na Jumapili alikuta 99. Alikuwa ameweka pari mbili katika mechi moja ya Uingereza: moja ikamla dola 20, nyingine ikampa dola 20. "Ishirini kutoa ishirini ni ziro. Hii dola moja imeenda wapi?"

Swali hilo ni la tano au la sita tangu mwaka uanze, na kila mara wanaolaumiwa ni sisi tunaofundisha watu soko la pari na kuwasomea karatasi za konti. Kwa hiyo ninaandika.

Nianze na nyumba ya pari, ile biro unayoijua kila avenyu. Pale mpinzani wako ni mwenye nyumba. Yeye ndiye anayepanga kote (wenzetu wa nchi ya Kenya, si komini Kenya, wanaiita odi), wewe unakubali au unaondoka. Papa huyu aliniambia biro haikati kamisheni hata franga moja, na ndiyo maana anaipenda. Nikachukua kalamu. Kwa pari ya magoli zaidi ya mawili na nusu, biro ilikuwa inatoa 1.90 kwa "zaidi" na 1.90 kwa "pungufu". Weka dola 10 upande huu na dola 10 upande ule. Umetoa 20, upande mmoja lazima ushinde, nao unakurudishia 19. Dola moja imebaki kwa mwenye nyumba kabla mpira haujaguswa. Kamisheni ipo, ila imepikwa ndani ya kote na wewe unaila bila kuiona.

Katika soko la pari mwenye nyumba hachezi. Betfair, lililoanza Uingereza mwaka 2000, na Smarkets lililoanzishwa mwaka 2008, ni kama meza ya sokoni: mtu anasema "ninaunga timu hii", mwingine anasema "mimi ninapinga", na soko linashika feza za wote wawili mpaka mechi iishe. Kuunga ndiko kule kunakoandikwa Back, kwenye Betfair ni kisanduku cha buluu. Kupinga kumeandikwa Lay, kisanduku cha waridi. Kwa kuwa hakuna mwenye nyumba wa kujikatia kwenye kote, ile pari ya magoli papa aliipata kwa 2.00 badala ya 1.90. Soko linakula baadaye, kwa aliyeshinda tu, kwa asilimia ya faida yake safi. Smarkets kwa muda mrefu limekata 2% kwa mteja wa kawaida. Betfair kiwango kilichozoeleka miaka mingi ni 5%, ingawa siku hizi kuna mipango mbalimbali na kiwango hutegemea nchi na konti. Angalia ya kwako. Papa alikuwa kwenye 5%.

Sasa ile dola. Neno linalowachanganya watu ni "safi". Papa alidhani faida safi ni ya siku nzima, au walau ya mechi nzima. Siyo. Inahesabiwa kwa kila soko dogo ndani ya mechi, peke yake. "Nani atashinda" ni soko moja, kwenye skrini Match Odds. "Magoli mangapi" ni soko lingine, Over/Under 2.5 Goals. Katika la kwanza alipoteza 20, na aliyepoteza halipi kamisheni. Katika la pili alishinda 20, na 5% ya 20 ni dola moja. Hasara ya soko moja haivuki ukuta kwenda kupunguza faida ya soko jingine, hata kama wachezaji ni walewale na refa ni yuleyule. Konti ikabaki 99.

"Basi biro ni bora," akasema. Hapana, papa. Kwa 1.90 ungeshinda dola 18, si 20. Ungeondoka na 98.

Lakini ndani ya soko moja, hesabu inachanganywa, na hapo ndipo kazi nzuri ilipo. Mwalimu mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, aliunga timu ya nyumbani kwa dola 20 kwa kote ya 3.50. Ikishinda, faida ni 50. Dakika ya thelathini timu yake ikafunga, kote ikashuka hadi 2.00. Akaingia upande wa waridi akaipinga timu ileile kwa dola 35 kwa 2.00. Timu ikishinda, anapata 50 za kwanza na analipa 35, zinabaki 15. Isiposhinda, anapoteza 20 za kwanza na anapata 35, zinabaki 15. Ile 35 haitoki kichwani: ni 20 mara 3.50, gawanya kwa 2.00. Mechi iliisha sare. Karatasi yake ilionyesha pari moja imepoteza 20 na nyingine imeshinda 35, naye akajiandaa kukatwa 5% ya 35, yaani dola 1.75. Alikatwa senti 75, kwa sababu zote mbili ziko Match Odds na faida safi ya soko hilo ni 15. Alipata 14.25. Huyu hakuja kugombana. Wanaokatwa kidogo huwa hawaji.

Niseme sasa juu ya njia ya mkato, maana ndiyo inayotuletea watu wakiwa tayari wameumia. Kijana wa komini Kenya (hapa sasa ni komini kweli) alikuja kuuliza bei ya somo. Dola 5 kwa saa moja, pamoja na kupitia karatasi yake. Akasema ni nyingi, rafiki yake wa WhatsApp amemfundisha bure: "Pinga timu ndogo. Timu ndogo hazishindi." Akaenda. Kila wiki alipinga timu dhaifu ugenini, dola 5 kwa kote ya 11. Wiki tisa mfululizo alishinda, 4.75 kila mara baada ya kamisheni. Alikuwa na 42.75 na alipita mbele ya mlango wetu akicheka. Wiki ya kumi timu ndogo ikashinda. Akaja mbio: "Yaya, niliweka 5, wametoa 50!"

Hakuweka 5. Anayepinga anachukua kiti cha mwenye nyumba, na mwenye nyumba hulipa kote. Aliyeunga upande wa pili alitia 5 kwa 11, faida yake ni 5 mara 10. Hizo 50 zilikuwa zimeandikwa kwenye skrini kabla hajabonyeza, mbele ya neno Liability, na soko lilikuwa limezishika kwenye konti yake tangu hapo. Kipimo ni rahisi: toa moja kwenye kote, zidisha kwa dola za aliye upande wa pili. Kama salio unaloweza kutumia limeshuka kuliko ulivyotegemea mara tu baada ya kubonyeza Lay, rudi ukasome mstari ule.

Na kuna jambo ambalo hata rafiki wa WhatsApp hajui. Tuseme kote ya 11 ni ya haki kabisa, yaani timu hiyo hushinda mara moja katika mechi 11. Bila kamisheni, mpingaji anapata 5 mara kumi, anapoteza 50 mara moja, anabaki ziro. Ukiweka 5%, zile mara kumi zinampa 47.50, kisha anapoteza 50. Amepungukiwa dola 2.50 kwa bei ya haki. Ili afaidi inabidi aijue mechi kuliko umati mzima uliopanga kote hiyo, na wiki tisa za kushinda hazithibitishi kitu, maana kwa kote kama hiyo wiki tisa nzuri ni mambo ya kawaida.

Lalamiko jingine, kwa kifupi. Fundi mmoja wa redio aliomba kuunga dola 30 kwa 2.30 wakati soko liko 2.20. Timu ilishinda, akataka faida ya 39, akapata 10.40 kabla ya kamisheni. Aliyekubali kupinga kwa 2.30 alikuwa na dola 8 tu. Zile 22 zilikaa Unmatched, yaani bila mpinzani, zikafutwa mpira ulipoanza. Soko halina wajibu wa kukutafutia mpinzani. Ndiyo maana derby ya Mazembe na Lupopo usiihangaikie huko: hata ikiwekwa, watu wenye feza mezani ni wachache, na kote ya kuunga na ya kupinga zinaachana mbali mno. Kwa mechi kama hiyo biro ya avenyu yako ina faida yake, mwenye nyumba atakubali pari yako hapohapo.

Juu ya bei yetu. Tunaambiwa dola 5 ni nyingi kwa "kusoma karatasi". Kusoma karatasi ya papa kulichukua dakika arobaini, kwa sababu konti huipanga kwa saa ya pari na sisi tunaipanga upya soko kwa soko, kwa mkono, kisha tunahesabu kila kamisheni na kuilinganisha na iliyokatwa. Tukikuta kosa la soko tunakuandikia barua ya kudai. Mpaka leo makosa mengi tuliyoyakuta yalikuwa ya mteja, nayo tunayasema vilevile.

Hatufungui konti kwa jina la mtu mwingine. Si kila soko linapokea mkazi wa Kongo, orodha ya nchi iko kwenye masharti yao. Kuna aliyetumia jina la kaka yake wa Ubelgiji. Siku ya kutoa feza akaombwa kitambulisho na uthibitisho wa makazi, na konti ikafungwa ikiwa na feza ndani. Hapo hatuna dawa. Feza za pari za mteja hatushiki, wala hatumfundishi aliye chini ya miaka 18, hata akija na papa yake.

Ukija, leta karatasi ya konti ya mwezi mzima, si picha ya skrini ya pari moja, na iwe na safu ya soko na safu ya kamisheni. Papa wa Katuba alilipa dola zake 5 huku akinung'unika kwamba sasa amepoteza sita. Alhamisi alirudi na karatasi za miezi mitatu.