Ubuntu si kura ya wengi

Mhariri,

Ubuntu, ile falsafa kwamba mtu huwa mtu kupitia kwa watu wengine, unatajwa sana na wenye nguvu wanapotaka mnyonge anyamaze. Mfanyakazi akidai malipo yake, anaambiwa sisi hapa ni familia moja. Binti akikataa kuachia urithi wake, anaambiwa amekosa utu. Hoja ni ile ile: mtu ni watu, basi wewe uliye mmoja ukubali wanalotaka wengi. Mimi naona hapo ubuntu umegeuzwa kichwa chini miguu juu, na nitalionyesha kwa kesi moja ya Afrika Kusini. Huko ubuntu ulitoka kwenye misemo ya wazee ukaingia kwenye hukumu za mahakama, na mbele ya jaji haitoshi kusema tu kwamba tupendane.

Kesi yenyewe iliamuliwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2004. Katika kitongoji cha Lorraine, jijini Port Elizabeth, ambao leo unaitwa Gqeberha, watu 68 walikuwa wamejenga vibanda 29 kwenye ardhi ya watu binafsi. Kati yao 23 walikuwa watoto. Waliokaa muda mfupi walikuwa na miaka miwili pale, waliokaa zaidi walikuwa na minane. Baadhi yao walikuwa wameshafukuzwa kwingine. Majirani wakaandika ombi la kutaka waondolewe, likatiwa saini na watu 1,600, wenye ardhi wakiwemo. Manispaa ikapokea ombi hilo na kwenda mahakamani.

Tusimame hapo kidogo. Upande mmoja kuna watu 1,600 waliokubaliana, wenye majina na anwani. Upande wa pili kuna watu 68 wasio na hati ya kiwanja. Kama ubuntu maana yake ni jamii kumshinda mtu mmoja mmoja, kesi imekwisha. Jamii imeshasema.

Jaji Albie Sachs, aliyeandika hukumu, hakuanzia kwenye hesabu ya saini. Aliuliza maswali ambayo kila mtu anaweza kuyaelewa. Watu hawa wamekaa hapo muda gani? Wenye ardhi wanaihitaji kwa kazi gani sasa? Ikaonekana kwamba ardhi haikuwa ikitumika, na hakuna aliyethibitisha kwamba anaihitaji. Wakiondoka wataenda wapi? Manispaa ilitaja eneo la Walmer. Wakazi walilikataa kwa sababu waliogopa uhalifu, na kwa sababu hawakuwa na hakika kwamba hawatafukuzwa huko pia. Na swali ambalo kwangu ndilo kiini cha yote: kabla ya kwenda mahakamani, kuna mtu aliyeketi na watu hawa akawasikiliza kwa dhati? Jibu lilikuwa hapana. Manispaa iliwasikiliza majirani. Hawa wengine iliwatazama kama kero ya kuondolewa, ingawa wenyewe walikuwa tayari kuhama wakipewa muda wa kutosha na mahali pa kufaa.

Mahakama ilikataa kutoa amri ya kuwafukuza. Ilieleza kwamba moyo wa ubuntu umeenea katika mfumo mzima wa katiba ya nchi ile, na kwamba unaziunganisha haki za mtu mmoja na maisha ya pamoja. Kisha ikasema jambo ambalo wanaoitumia ubuntu kama fimbo hawalitaji kamwe: masikini wasio na makao wanapofukuzwa huku na huko, si heshima yao peke yao inayoumia. Jamii nzima inajishusha hadhi pale mamlaka zake zinapowasukuma pembezoni zaidi.

Nilipoisoma hukumu hii ndipo nilipoelewa ule msemo wa mtu ni watu unadai nini na unamdai nani. Watu ambao kupitia kwao mimi ninakuwa mtu si lazima wawe ukoo wangu, wala majirani waliotia saini pamoja nami. Ni yule aliye mbele yangu, ambaye uamuzi wangu utamgusa, hata kama namwona mvamizi. Nikimtendea kama kitu, utu unaopungua ni wangu. Kwa hiyo deni liko kwa mwenye uwezo wa kufukuza, kufuta kazi au kunyima, na kulilipa kunaanza kwa kumsikiliza huyo mtu kabla ya kuamua.

Wapo watakaosema kwamba kwa mantiki hii hakuna mwenye ardhi atakayebaki salama. Hukumu haikusema hivyo. Haikuwapa wakazi wale ardhi, na haki ya wenye ardhi ilitambuliwa waziwazi. Ilichokataa ni haki hiyo kutekelezwa bila kujali upande wa pili. Mahakama ilisisitiza usuluhishi wa ana kwa ana kabla ya kesi, ingawa katika mgogoro huo wenyewe iliona muda wake ulikuwa umeshapita. Watu wakishashindana miaka mahakamani, kuwarudisha mezani ni kazi ngumu. Somo la kiutendaji ni kwamba ubuntu una wakati wake, nao ni mapema.

Lakini nisiipambe Afrika Kusini. Huko huko ubuntu ulitumika kwa namna ambayo hadi leo inaniuma. Katiba ya mpito ya 1993 ilisema nchi inahitaji kuelewana na si kulipiza kisasi, inahitaji fidia na si ulipaji wa ubaya kwa ubaya, inahitaji ubuntu na si uonevu. Kwa msingi huo sheria ya 1995 ilianzisha Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu. Aliyetenda uhalifu wa kisiasa akieleza ukweli wote aliweza kupewa msamaha, na akishapewa hashitakiwi wala hadaiwi fidia mahakamani. Familia za Biko, Mxenge na Ribeiro, ambazo wapendwa wao waliuawa wakati wa ubaguzi wa rangi, zilipinga sheria hiyo. Mwaka 1996 Mahakama ya Katiba ilizikatalia.

Naelewa kwa nini. Bila ahadi ya msamaha huenda makubaliano ya amani yasingefikiwa, na wauaji wengi wasingefungua mdomo. Hata hivyo, angalieni nani aliombwa kutoa. Mjane alipoteza haki ya kumdai aliyemuua mumewe. Kilichobaki cha kusawazisha mizani kilikuwa fidia kutoka serikalini, ambayo katiba ile ile iliitaja sambamba na ubuntu. Tume ilipendekeza waathirika walipwe kila mwaka kwa miaka 6. Mwaka 2003 serikali ikatangaza malipo ya mara moja tu, randi 30,000 kwa kila mtu.

Msamaha ulitoka haraka kuliko fidia, na ulitolewa kwa ukamilifu kuliko fidia. Aliyeua alirudishwa katika jamii kwa sheria na kwa saini, naye aliyefiwa akapewa sehemu ya kile kilichopendekezwa. Maamuzi yote mawili yanabeba jina la ubuntu, lakini mimi siwezi kuyaweka kapu moja. Kule Lorraine, aliyekuwa na nguvu ndiye aliyelazimika kungoja na kusikiliza. Kwenye fidia, aliyelazimika kungoja ni aliyekwisha kuumizwa.

Basi anayetaka kuniambia nivumilie kwa jina la ubuntu, anieleze kwanza yeye mwenyewe anatoa nini, na lini.

Msomaji wenu