Yai la 300 likiuzwa 350, duka linapoteza nini na linapata nini?

Wenye maduka tunaowatunzia hesabu hutuuliza swali hili karibu kila mwezi: "Nikipandisha bei, wateja si watanikimbia?" Wapo watakaokimbia. Cha kujua ni wangapi, na kama wanaobaki wanatosha kufidia pengo. Wachumi wana kipimo chake, wanakiita unyumbufu wa mahitaji, yaani manunuzi yanavyovutika au kukaza pale bei inapobadilika. Kipimo hiki kinapatikana kwa kalamu na daftari tu, bila mashine yoyote.

Tuchukue duka moja la mtaani Mbagala. Namba nimezibadilisha kidogo ili mwenye duka asitambulike. Mama huyu alikuwa akinunua trei ya mayai 30 kwa shilingi 7,500, na kuuza yai moja 300. Kila yai lilimwachia shilingi 50, na kwa wiki aliuza mayai 420. Kisha trei ikapanda hadi 8,400, maana yake yai moja linamfikia kwa 280. Akibaki na bei ya 300, anapata shilingi 20 tu kwa yai. Hapo yai moja likivunjika mkononi mwa mtoto aliyetumwa dukani, inabidi auze mengine 14 ili kurudisha hasara yake. Akaamua kuuza 350.

Wiki ya kwanza aliuza mayai 294. Alikuja ofisini ameshika daftari, uso umemshuka, kwa sababu mauzo ya mayai yalikuwa yametoka 126,000 hadi 102,900. Alitaka kurudisha bei ya zamani jioni ileile. Tukamwomba akae kwanza tupige hesabu.

Unachukua asilimia ya mabadiliko ya idadi, unaigawa kwa asilimia ya mabadiliko ya bei. Idadi imepungua kwa 126. Katikati ya 420 na 294 ni 357, na 126 gawanya kwa 357 ni asilimia 35.3. Bei imepanda kwa 50, katikati ya 300 na 350 ni 325, na 50 gawanya kwa 325 ni asilimia 15.4. Tunatumia namba ya katikati ili jibu liwe lilelile ukipandisha bei au ukiishusha. Ukigawa kwa bei ya zamani peke yake, kupanda kutoka 300 hadi 350 na kushuka kutoka 350 hadi 300 vitakupa majibu mawili tofauti.

```
35.3 / 15.4 = 2.3
```

Ikizidi 1, kama hapa, manunuzi yamepungua kwa kasi kuliko bei ilivyopanda, na fedha inayoingia kwenye droo lazima ishuke. Ikiwa chini ya 1, fedha inaongezeka ingawa manunuzi yamepungua. Kwa mama huyu 2.3 inaeleza kwa nini droo ilikuwa nyepesi.

Lakini droo siyo faida, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwa bei ya 300, mayai 420 yangemwachia 8,400 kwa wiki, kwa kuwa kila yai sasa linatoa shilingi 20. Kwa bei ya 350, mayai 294 yalimwachia shilingi 70 kila moja, jumla 20,580. Droo imepungua kwa 23,100, faida imeongezeka kwa 12,180. Tena angeweza kushuka hadi mayai 120 kwa wiki kabla ya kuwa sawa na pale alipokuwa: gawanya 8,400 kwa 70. Namba hiyo ya 120 ni muhimu kuliko ile 2.3, na unaweza kuijua kabla hujabadilisha bei hata kidogo. Faida ya wiki kwa bei ya sasa, gawanya kwa faida ya kila kimoja kwa bei mpya.

Hesabu hii ina shimo moja, nalo ni kikapu. Mtu anayekuja kununua mayai matatu mara nyingi anaondoka pia na mkate, majani ya chai na sukari ya kupima. Ikiwa mayai 126 yaliyopotea yalikuwa safari 42 za watu wa mayai matatu matatu, basi faida ya ziada ya 12,180 ni sawa na shilingi 290 kwa kila safari. Kama kila mmoja wao alikuwa akiacha dukani faida ya zaidi ya 290 kwa vitu vingine, na sasa vyote anavinunua kwingine, bei mpya inamtia hasara. Tulimwomba kwa siku saba aweke alama pembeni mwa kila mteja wa mayai aliyezoea kuja. Wengi walikuwa bado wanakuja, ila waliokuwa wakichukua matatu walichukua mawili. Mikate haikupungua. Kwa hiyo shimo halikuwa kubwa, lakini bila zile alama tusingelijua.

Halafu likatokea jambo ambalo ningependa kila mwenye duka alielewe. Nyumba ya tatu kutoka kwake kuna duka lingine, lililokuwa bado na trei za bei ya zamani na kuuza 300. Trei hizo zilipoisha, jirani naye akapandisha hadi 350. Wiki hiyo mama yetu aliuza mayai 371. Ukilinganisha na zile 420 za mwanzo, idadi imepungua kwa 49, sawa na asilimia 12.4, na unyumbufu ni 0.8. Mayai ni yaleyale na bei ni ileile, lakini kipimo kimetoka 2.3 hadi 0.8. Wiki ya kwanza watu hawakuacha kula mayai. Baadhi ya mayai waliyafuata kwa jirani. Ndiyo maana napinga kunakili namba ya unyumbufu kutoka vitabuni. Namba ya mayai kwa nchi nzima haikuambii lolote kuhusu duka lenye jirani hatua ishirini mbele.

Kiberiti, kwa mfano, kina tabia nyingine. Hakuna anayevuka mtaa usiku kwa ajili ya shilingi 50, na ni sehemu ndogo mno ya matumizi ya siku. Hata hivyo, kutoka 100 hadi 150 ni kupanda kwa nusu nzima ya bei, na sarafu zetu haziruhusu hatua ndogo zaidi. Kwenye mayai njia ipo: matatu kwa 1,000. Kila moja linakuwa kama 333, chenji haisumbui, na mteja wa matatu anaona nafuu.

Ukitaka kupima dukani kwako, linganisha wiki zinazofanana. Wiki ya mishahara usiilinganishe na katikati ya mwezi, wala Ramadhani na mwezi wa kawaida. Siku ambayo mayai yaliisha saa nane mchana iondoe kabisa, maana siku hiyo daftari limepima stoo yako, halikupima wateja. Na wiki moja haitoshi, kama jirani alivyotuonyesha.

Ukija ofisini, leta daftari lenye wiki nne kabla ya bei mpya na nne baada yake, kwa bidhaa moja tu, pamoja na bei uliyonunulia na tarehe ambayo jirani alibadilisha yake.