Dawa ya kuzuia maji hupimwa kwa saruji: kipimo cha plasta ya ndani ya tangi la maji

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu kununua dawa ya kuzuia maji huuliza swali moja, nalo ni hili: tangi langu ni la lita kadhaa, je, nichukue pakiti ngapi? Huwa hatuwezi kulijibu papo hapo, kwa sababu dawa haipimwi kwa lita za tangi, wala kwa mchanga, wala kwa idadi ya toroli zitakazochanganywa. Inapimwa kwa uzito wa saruji peke yake. Dawa nyingi za unga zinazouzwa katika pakiti za kilo moja zimekusudiwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, yaani asilimia mbili ya uzito wa saruji, na kwa hiyo anayetaka kujua idadi ya pakiti sharti ajue kwanza mifuko ya saruji itakayoingia kwenye plasta.

Mama mmoja wa Kisauni alitujia akiwa na kipande cha plasta ndani ya mfuko wa plastiki. Tangi lake ni la chini ya ardhi, limejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kwa ndani lina urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha mita 2. Kwa kuwa maji ya mfereji mtaani kwake huja kwa zamu, alikuwa amenunua boza la lita 10,000, na kufikia kesho yake saa zile zile maji yalikuwa yameshuka sentimita 6. Hizo sentimita 6 zinaonekana ni kidogo mpaka mtu azipige hesabu: sakafu ya mita 3 kwa 2 ina mita mraba 6, basi zilizopotea ni lita 360 kwa siku moja.

Kile kipande alichokileta kilitueleza mengi. Upande wa nyuma, tulipoukwaruza kwa ufunguo wa mlango, ulimwagika unga kama mkate mkavu. Upande wa mbele, niru, yaani saruji iliyokorogwa na maji na kupakwa juu ya plasta, ilikuwa imebanduka kwa tabaka zima, nyembamba na safi, wala haikuacha alama yoyote ya kushikana na plasta iliyokuwa chini yake. Tulipodondoshea maji juu ya plasta yenyewe, tone lilikaa mviringo kama linavyokaa juu ya jani la myungiyungi. Dawa ilikuwemo, tena kwa wingi. Kilichopungua ni saruji.

Alipotuhesabia alivyonunua, mambo yakawa wazi. Fundi alimwambia achukue mifuko minne ya saruji na pakiti nane za dawa, akamfariji kwamba dawa ikizidi, saruji inaweza kupunguzwa na maji hayatapita. Mifuko mitatu ilitumika kwenye plasta pamoja na ndoo 26 za mchanga za lita 20 kila moja, na mfuko wa nne ukafanyiwa niru. Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa takriban lita 35, kwa hiyo mitatu ni lita 105, na ndoo 26 ni lita 520. Huo ni mchanganyiko wa moja kwa tano. Zile kilo nane za dawa, zikigawanywa kwa kilo 150 za saruji, zinapita asilimia tano, zaidi ya mara mbili na nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti.

Inafaa kueleza dawa yenyewe inafanya nini, maana fundi yule hakuwa na nia mbaya, ila alidhani dawa huziba matundu. Dawa nyingi za unga za aina hii zina stearati, ambazo asili yake ni mafuta, na kazi yake ni kuvaa kuta za vinyweleo vya plasta ili visiyavute maji kwa ndani kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Haijazi nafasi tupu. Kinachojaza nafasi kati ya chembe za mchanga ni saruji, na katika mchanganyiko wa moja kwa tano nafasi nyingi hubaki wazi. Ukutani mwa nyumba, ambako maji ya mvua hayasukumi kwa nguvu, plasta ya namna hiyo ingeweza kuvumilia. Katika tangi lenye maji ya kina cha mita 2, kila mita mraba ya sakafu inabeba uzito wa tani 2 za maji, na msukumo huo huyapitisha maji kwenye matundu makubwa hata kama yamepakwa mafuta.

Dawa ikizidi, nayo huleta hasara yake. Mchanganyiko huingiza hewa na kuwa laini mno mkononi, jambo ambalo fundi hulipenda kwa sababu mwiko unateleza, lakini plasta huchelewa kushika na ikishakauka huwa dhaifu. Zaidi ya hayo, uso unaoyakataa maji huikataa pia niru, kwa kuwa niru ni saruji na maji, na maji yasipoingia hata kidogo kwenye plasta ya chini, niru haina pa kushika mizizi. Ndiyo maana ile ya Kisauni ilibanduka.

Kipimo tunachokipendekeza kwa plasta ya ndani ya tangi ni sehemu moja ya saruji kwa sehemu tatu za mchanga, yaani mfuko mmoja kwa ndoo tano na robo za lita 20, pamoja na kilo moja ya dawa ya unga ikiwa lebo inasema hivyo. Kwa tangi la mama huyu, kuta nne zina mita mraba 20 na sakafu 6, jumla 26. Plasta ya unene wa milimita 20, ikipigwa kwa mikono miwili, yaani tabaka mbili za milimita 10 kila moja, inahitaji mifuko mitano ya saruji, ndoo zile zile 26 za mchanga, na kilo tano za dawa. Mfuko wa sita ni wa kurushia ukutani mchanganyiko mzito wa moja kwa mbili ili plasta ipate kushika, na huo hauhitaji dawa. Mfuko wa saba ni wa niru, na ndani yake huingia kilo moja ya mwisho. Mtaona kwamba safari hii saruji imeongezeka kwa mifuko mitatu ilhali dawa imepungua kutoka pakiti nane hadi sita.

Hesabu hii huharibikia kwenye karai. Fundi mwangalifu hachanganyi mfuko mzima kwa wakati mmoja, hasa katika joto letu, kwa kuwa mchanganyiko ukikaa zaidi ya saa moja huanza kukaza, naye akiuongezea maji ili ulainike, nguvu yake inapotea. Anachanganya nusu mfuko, halafu dawa anaimwaga kwa kukisia, konzi moja hapa, konzi mbili pale. Kwa nusu mfuko zinatakiwa gramu 500. Mteja akituomba, tunampimia gramu hizo kwenye mizani ya dukani, tunazimimina ndani ya kopo la plastiki na kuchora mstari kwa kalamu pale unga ulipofikia, naye anaondoka na kopo lake. Unga uchanganywe na saruji kavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ndipo mchanga ufuate, na maji yawe ya mwisho.

Dawa ya maji ina utaratibu tofauti. Hutikiswa, kisha hutiwa kwenye maji ya kuchanganyia, na kipimo chake hakifanani kati ya chapa moja na nyingine: moja inaweza kutaka mililita 200 kwa mfuko na nyingine lita nzima. Lebo ndiyo inayotawala, na iangaliwe pia kama inaruhusu matumizi kwenye tangi la maji ya kunywa. Tafadhali msichanganye ya unga na ya maji katika plasta moja kwa kudhani kwamba zitasaidiana.

Maji ya kuchanganyia, pamoja na unyevu uliomo mchangani, yasizidi sana lita 25 kwa mfuko, nayo yawe maji baridi yasiyo na chumvi. Visima vingi vya hapa Mombasa vina maji ya magadi au ya chumvi, na mchanga uliookotwa karibu na ufuo una lawama hiyo hiyo. Chumvi itautafuna wavu wa chuma ikiwa mmeuweka, na itatokeza weupe ukutani.

Mkono wa pili wa plasta upigwe kesho yake, baada ya ule wa kwanza kuchanwa mistari ukiwa bado mbichi na kunyunyiziwa maji. Msingoje wiki nzima, maana plasta yenye dawa ikikauka kabisa inakuwa vigumu kwa nyingine kuishika. Niru nayo ipakwe siku ile ile ya mkono wa pili, plasta ikiwa imekaza lakini haijakauka. Kwenye kona, ukuta unapokutana na sakafu, wekeni mteremko wa plasta wa sentimita 5 badala ya pembe kali, kwani hapo ndipo ufa hupenda kuanzia. Kisha tangi lote lilowanishwe kwa siku saba.

Kuna jambo moja ambalo kipimo chochote hakiwezi kulitibu. Ikiwa ukuta wenyewe una ufa unaocheza, au ikiwa maji ya ardhini yanasukuma kutoka nje tangi likiwa tupu, kama inavyotokea kwenye viwanja vya chini vilivyo karibu na bahari, plasta itapasuka au itasukumwa ibanduke hata ikiwa imepimwa kwa gramu. Hilo lisemwe kabla ya kununua chochote.

Mama wa Kisauni alibandua plasta yote ya zamani, akaanza upya kwa mifuko saba. Tulimshauri ayaache maji ya kwanza kwa siku moja ili plasta inywe kiasi chake, ndipo achore alama ukutani na kusimamisha ndoo iliyojaa maji juu ya matofali ndani ya tangi, mdomo wake ukiwa juu ya maji, nayo aichoree alama kwa ndani. Ndoo haivuji, kwa hiyo kinachopungua humo kimekwenda na mvuke. Baada ya saa 24, ndoo na tangi vilikuwa vimeshuka kiasi kimoja, kisichozidi unene wa mstari wa kalamu. Akayatoa maji hayo ya kwanza, ambayo huwa makali kwa sababu ya chokaa ya saruji, akasuuza, ndipo akaliita boza.