Kuweka Chupa Yako Kwenye Picha ya Mkono: Kwa Nini Tunaomba Mkono Ulioshika Kitu

Wateja wetu wengi wanaoandaa tangazo la mafuta, sharubati au sabuni ya maji hututumia faili mbili, yaani picha ya chupa iliyopigwa kwenye mandharinyuma nyeupe na picha ya mkono waliyoinunua mtandaoni, kisha huomba chupa hiyo ionekane imeshikwa. Kazi hiyo inawezekana, lakini ubora wake hutegemea picha ya mkono kuliko ustadi wa anayeunganisha, na ndiyo maana mara nyingi jibu letu la kwanza huwa ni kuomba picha nyingine.

Tuchukue mfano wa mteja anayetengeneza mafuta ya nywele ya nazi. Chupa yake ni ya plastiki ya kahawia iliyokolea, ya mililita 250, yenye urefu wa sentimita 14 pamoja na kifuniko na kipenyo cha sentimita 6. Mkono alioutuma ulikuwa mzuri kwa rangi na mwanga, ila ulipigwa ukiwa umeshika simu. Simu ni bapa, kwa hiyo vidole vinne vilikuwa vimenyooka nyuma yake na ncha zake kugusa ukingo tu, ilhali chupa ya mviringo huvifanya vidole vipinde katika kila kiungo na kuizunguka. Programu inaweza kupinda kidole kilichonyooka, lakini ngozi ya kwenye kiungo huvutika kama mpira na mikunjo yake hupotea. Zaidi ya hayo, kidole kinachobana kitu hubonyea nchani na kucha yake hupauka kidogo pale damu inaposukumwa nyuma. Mtazamaji hajui kueleza kilichokosekana, ila husema tu kwamba chupa imebandikwa.

Tulimwomba achukue chupa tupu ya aina ile ile, aizungushie karatasi nyeupe isiyong'aa kuanzia chini hadi mabegani, kisha mtu aishike kama atakavyoshika kwenye tangazo. Picha alipiga kwa simu karibu na dirisha, akiwa amesimama umbali wa kama mita moja na nusu na kutumia lenzi ya kuvuta badala ya kusogea karibu, kwa sababu simu ikisogezwa sana mkononi vidole vilivyo mbele huonekana vinene kuliko sehemu nyingine ya mkono. Alitutumia faili kama dokumenti, si kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwa kuwa ile ya kawaida hupunguzwa ukubwa njiani.

Chupa ile ya karatasi ilitupa kwanza kipimo. Katika picha yake ilikuwa na upana wa pikseli 720, na kwa kuwa tulijua kipenyo chake ni sentimita 6, kila sentimita ilikuwa sawa na pikseli 120, hivyo chupa halisi ilipaswa kuwa na urefu wa pikseli 1,680. Hapo hakuna kukisia wala kubishana kwamba chupa "iongezwe kidogo ionekane". Ilitupa pia pembe ya kamera, maana ukingo wa juu wa karatasi ulionekana kama duaradufu nyembamba, na duaradufu hiyo hufunguka kadiri kamera inavyopanda juu ya chupa. Chupa ya bidhaa tuliipiga upya tukiwa kwenye kimo hicho hicho na kwa dirisha upande ule ule wa kushoto. Picha ya chupa iliyopigwa usawa wa macho, yenye kitako kilichonyooka kama rula, haiwezi kurekebishwa ikae vizuri katika mkono uliopigwa kutoka juu. Kugeuza chupa kushoto kulia ili mwanga ulingane nako hakufai, kwani maandishi ya lebo hugeuka pia.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni kivuli. Vidole huacha juu ya karatasi nyeupe kivuli chao halisi: mstari mwembamba na mzito pale ngozi inapogusa, kisha weusi laini unaofifia kadiri unavyoachana na kidole. Katika Photoshop tunapanga picha ya mkono chini, chupa juu yake, na juu kabisa nakala ya mkono iliyokatwa ikabaki na kidole gumba na ncha za vidole vinne. Kati ya chupa na vidole tunaweka nakala nyingine yenye karatasi pekee, tunaiondolea rangi, kisha tunaiwekea hali ya Multiply, ambayo huacha sehemu nyeupe zisiguse kitu na kuhamishia weusi wote kwenye chupa. Lakini karatasi ina pia kivuli cha umbo lake la mviringo, na chupa tayari ina cha kwake, kwa hiyo tunafuta kila kitu isipokuwa eneo lililo karibu na vidole, la sivyo upande wa kulia wa chupa huwa mweusi kama umeungua.

Ukataji wa vidole tunaufanya kwa Pen Tool, tukipita pikseli moja au mbili ndani ya ukingo wa ngozi. Tukipita juu ya ukingo wenyewe, uzi mweupe wa karatasi hubaki kuzunguka kidole, na kwenye ngozi nyeusi uzi huo huonekana hata tangazo likiwa dogo kwenye simu. Mwisho tunatia rangi ya kahawia kwa wepesi sana kwenye ngozi inayoelekea chupa, kana kwamba rangi ya chupa inaakisiwa hapo.

Mteja huyo alishangaa alipoona jina la bidhaa limefichwa nusu na kidole gumba. Mzingo wa chupa yake ni karibu sentimita 18.8, na kamera huona nusu tu, sentimita 9.4, ambazo pembeni hubanwa kiasi cha kutosomeka. Theluthi ya katikati ya mzingo, yaani sentimita 6.3 hivi za lebo, ndiyo inayosomeka bila shida, na vidole navyo hula pembeni. Tulimshauri jina libaki ndani ya sentimita 5, na kwa kuwa lebo ilikuwa haijachapishwa, hakupata hasara.

Huenda ukauliza kwa nini chupa halisi isipigwe mkononi moja kwa moja. Ukiwa na bidhaa moja tu na lebo yake iko tayari, fanya hivyo, itakugharimu pungufu na hatutakuzuia. Njia hii inafaa pale lebo inapokuwa bado kwenye kompyuta, au pale mkono mmoja unapotakiwa kushika harufu tano tofauti zenye chupa ya umbo moja.

Kuna chupa tunazozikataa kwa njia hii, nazo ni zile zinazopitisha mwanga zikiwa na kimiminika kisicho na rangi au cha rangi hafifu kinachoruhusu kuona ndani. Chupa ya mviringo iliyojaa mafuta au maji hufanya kazi ya lenzi: kiganja kilichoigusa kwa nyuma huonekana kimepanuka, na vitu vilivyo mbali zaidi nyuma yake huonekana vimegeuzwa kushoto kulia. Chupa iliyopigwa kwenye mandharinyuma nyeupe imebeba weupe huo ndani yake, na kuchora kiganja kilichopinda ndani ya mafuta huchukua muda mrefu kuliko kupiga picha upya. Kwa chupa ya namna hiyo tunamwomba mteja alete bidhaa studio, tuipige ikiwa mkononi.