Barua ya wazi kwa vijana wa karakana: pimeni kona kwa kona kabla ya drili

Wanangu mnaochomelea na kutoboa vyuma hapa Moshi, habari za kazi.

Jumanne nilipita mahali huko Pasua, nikakuta vijana watatu wamemzunguka mama mwenye mashine ya kusaga. Zege lilikuwa limeshakauka, bolti 12 zimesimama vizuri juu yake, na pleti ya kukalia mashine na mota inashushwa. Safu ya kwanza ya bolti nne ikaingia bila shida. Safu ya pili ikagoma, ya tatu ndiyo kabisa. Mmoja akaipiga nyundo. Mwingine hakusema kitu, akaenda kuvuta mtungi wa gesi na kuanza kupanua matundu kwa moto. Nilisimama pale nikitafuta pa kuficha uso, maana yule wa mtungi nilimfundisha mimi.

Nilimwomba tepu. Ncha yake ilikuwa imelegea na milimita mbili za mwanzo zimeliwa na kutu, na ndiyo tepu aliyopimia kazi yote. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote: ukiwa na tepu ya namna hiyo, usianzie kwenye ncha. Anzia kwenye alama ya 100, kisha toa 100 kwenye jibu.

Sasa kazi yenyewe. Mchoro ulitaka matundu manne kwa urefu na matatu kwa upana. Kutoka katikati ya tundu mpaka katikati ya linalofuata, hiyo ndiyo pichi, ni milimita 150 kwa urefu na 120 kwa upana. Matundu manne yana nafasi tatu kati yake, si nne. Kwa hiyo tundu la kwanza mpaka la mwisho kwa urefu ni 3 mara 150, yaani 450. Kwa upana ni 2 mara 120, yaani 240. Hapo vijana hawakukosea, nawapa haki yao. Ila nimewahi kuona mtu anazidisha pichi kwa idadi ya matundu, pleti inakuja ndefu kwa pichi nzima, halafu analaumu mchoro.

Na msitembeze bikari kutoka tundu moja kwenda jingine. Ikizidi milimita moja tu, tundu la nne litakuwa limekimbia milimita tatu. Kaza tepu mara moja kwenye tundu la kona, weka alama kwenye 0, 150, 300 na 450 bila kuisogeza. Upana nao hivyo hivyo: 0, 120, 240. Kila tundu linapata anwani yake kutoka kona ileile moja. Tundu la tatu kwenye safu ya pili, kwa mfano, liko 300 kwa urefu na 120 kwa upana.

Kosa la Pasua lilikuwa kwenye kona. Nilivuta tepu kutoka tundu la kona moja mpaka la kona ya mkabala: 512 na nusu. Nikavuta ulalo wa pili: 507 na kidogo. Wakanitazama kama mganga. Wanangu, si uganga! Ni ile hesabu ya Pithagorasi mliyoimba shuleni, mkaiacha kwenye daftari. Mwalimu alichora pembetatu ubaoni, hakuna aliyempa mtoto tepu na kipande cha bati, na leo kijana ana cheti lakini anadhani kipeuo cha pili ni kitu cha mtihani. Simu zenu zina kikokotoo. 450 mara 450 ni 202,500. 240 mara 240 ni 57,600. Jumla 260,100, na kipeuo chake cha pili ni 510 kamili. Ulalo wa kushoto ulipaswa kuwa 510, na wa kulia 510.

Ulalo mmoja ukizidi na mwingine ukapungua, mstatili wako umelala upande. Hapa tofauti ilikuwa kama milimita tano, na ukirudi nyuma kwa hesabu unaona safu ya tatu imesogea pembeni milimita tatu, ya pili moja na nusu. Bolti ni za 16, matundu ya 18, kwa hiyo kila bolti ina milimita moja tu ya kuponea kila upande. Ndiyo maana safu ya kwanza iliingia na ya pili ikakataa.

Kisa chake? Walichukua ukingo mfupi wa pleti, uliokatwa kwa grenda, wakauamini kuwa uko skwea na ule mrefu. Haukuwa. Milimita tatu kwenye 240 haifiki hata digrii moja, jicho haliioni, na skwea ndogo ya inchi nne nayo inaweza isikuonyeshe.

Mimi ukingo siuamini. Nachora mstari mmoja kwa sindano, naweka pointi mbili juu yake, A na B, zenye 450 kati yake. Kutoka A nazungusha tao la 240. Kutoka B nazungusha tao la 510. Bikari haifiki huko, basi tumieni fletiba yenye misumari miwili iliyochongwa. Matao yanapokatana ndipo kona ya tatu, na iko skwea bila skwea. Kona ya nne ni hivyo hivyo ukianzia upande wa B. Kisha pimeni kati ya kona hizo mbili mpya: lazima isome 450. Msiruke hapo, kwa sababu umbo lililobana juu na kutanuka chini, kama ndoo iliyopinduliwa, nalo lina ulalo mbili zilizo sawa. Ulalo zikiwa sawa na pande zinazotazamana zikiwa sawa, hapo piga sentapanchi. Chaki inafutika, tundu halifutiki.

Tundu likishatobolewa, katikati haipo tena ya kuwekea tepu. Anzeni kwenye ukingo wa ndani wa tundu la kwanza, malizieni kwenye ukingo wa nje wa tundu la mkabala. Kama matundu yana ukubwa mmoja, mnasoma katikati mpaka katikati.

Najua mtasema mteja ana haraka. Kweli, tumewazoesha wateja kwamba fundi mzuri ni anayemaliza kabla ya chai, na wao wametuzoesha kulipwa nusu. Lakini kuchora matao yale manne hakufiki robo saa. Wale watatu walikuwa na gesi mkononi mpaka adhuhuri.

Na wewe wa mtungi, unajua ni wewe. Yale matundu yamekuwa kama mayai, na mashine inayotetemeka itahama siku moja ikiwa na mkanda wake. Kata vipande vya pleti vya milimita 8, toboa kila kimoja tundu la 17, kivalishe kwenye bolti juu ya tundu lililopanuka, kichomelee pande zote, ndipo ukaze nati. Ni vipande vinane. Rudi kwa yule mama kabla hajaanza kusaga, na usimdai hela.

Mzee wenu wa karakana, Moshi