Faini iliyojificha ndani ya neno “deni”

Mhariri,

Wiki iliyopita dada yangu alinionyesha masharti ya mkopo alioukopa kwa simu: aya ndefu mfululizo, bila namba hata moja. Nikachukua kalamu nikayapanga upya. Mwanzoni sikufuta neno, nilitenganisha tu kila sharti, nikaliwekea namba na kichwa kifupi, kama “4. Ukichelewa kulipa”.

Hapo ndipo kasoro ilipojitokeza. Sharti moja lilisema “mkopo”, jingine “deni”, jingine “salio”, ungedhani ni kitu kimoja. Nilipoyapanga maneno hayo kwenye kisanduku cha maana ya maneno, nikagundua kuwa “deni” ni mkopo, ada na faini zote zilizokwisha kutozwa. Dada alikopa shilingi 20,000, ada 2,000. Faini ni asilimia 5 ya deni kila wiki. Wiki ya kwanza ni 1,100. Ya pili ni 1,155, kwa sababu faini nayo inatozwa faini. Dada hakulijua hilo, na aliumia sana.

Nawaomba wakopeshaji waweke kisanduku hicho mwanzoni, chenye maneno yale tu waliyoyapa maana isiyo ya kawaida, na kila neno libaki na maana yake hadi mwisho. Lakini faini isiishie kwenye kisanduku. Iandikwe wazi kwenye sharti la 4, “Ukichelewa kulipa”, pamoja na mfano wa hesabu. Na namba za masharti zikibadilika, wakague kila palipoandikwa “angalia kifungu cha 7”, wasije wakampeleka msomaji kusiko.

Msomaji wako,
Morogoro