Uzito wa lori haumo katika hesabu ya kona

Mhariri,

Lori lililoteleza kwenye kona ya mtaani kwetu Changamwe siku ya mvua limezua ubishi barazani. Wengi wanashikilia kwamba lilikuwa zito mno kwa kona ile. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na naomba nafasi nieleze kwa nini uzito si hoja.

Chukua barabara iliyoinuliwa upande wa nje wa kona, tuseme imemwagikiwa mafuta hata msuguano haupo kabisa. Gari linabaki na kani mbili tu: uzito wake unaolivuta chini, na msukumo wa barabara, ambao hufanya pembe mraba na lami, kwa hivyo huegemea kidogo upande wa ndani. Sehemu ya msukumo inayokwenda juu hubeba uzito, na ile ya mlalo ndiyo hulipindisha gari. Tuite msukumo huo N, pembe ya mwinuko wa barabara θ, tungamo la gari m, kasi yake v, nusu kipenyo cha kona r, na mchapuko wa mvutano wa dunia g, ambao ni 9.8. Basi N cos θ = mg, na N sin θ = mv²/r. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: m inajifuta, inabaki tan θ = v²/(rg). Lori la tani 20 na tuktuk zinataka kasi ileile.

Wanafunzi wangu wengi hukwama hapo mwanzo. Huandika N = mg cos θ, kana kwamba gari ni sanduku linaloserereka mteremkoni. Sanduku huongeza kasi kufuata mteremko, lakini gari hili halipandi wala halishuki, mchapuko wake wote ni wa mlalo kuelekea kitovu cha kona. Kwa hivyo kani za wima lazima zilingane, na N hutoka kubwa kuliko uzito.

Jumapili alfajiri, kabla magari hayajaanza, tulikwenda kuipima kona yenyewe. Tulilaza ubao wa mita 2 kukata barabara, tukainua ncha ya upande wa ndani mpaka pimamaji likatulia. Pengo chini ya ncha hiyo lilikuwa sentimita 14, yaani tan θ ni 0.07, pembe ya nyuzi 4 hivi. Nusu kipenyo cha kona ni kama mita 80. Kasi inayofaa bila msuguano ni kipeuo cha pili cha 0.07 × 80 × 9.8, yaani mita 7.4 kwa sekunde, au kilomita 27 kwa saa.

Kibao cha pale kinaruhusu 50. Kwa kasi hiyo pengo lingehitaji kukaribia sentimita 49, pembe ya nyuzi 14, na hakuna mhandisi atakayejenga hivyo mtaani, kwani gari linalokwenda polepole lingeweza kuteleza kuelekea ndani lami ikilowa. Kinachobaki hubebwa na msuguano wa matairi, na lami ya pale imesuguliwa hadi inang'aa.

Naomba wahusika washushe kibao hicho hadi 30, na lami ya kona hiyo ikwanguliwe kabla ya masika.

Mwalimu wa fizikia,
Changamwe, Mombasa